Jedwali Moja, Sentensi 72

Kipindi cha Kiswahili katika darasa la nne nchini Tanzania huchukua dakika 40. Mwalimu anayeingia mbele ya watoto 90, akiwa na chaki, ubao na vitabu kumi vya kiada, huanza kwa uamuzi ambao mara nyingi hata haupimi: ubao ule utafanya kazi gani leo?

Jibu lililozoeleka ni kunakili. Mwalimu huandika maelezo ya ngeli ya KI-VI, chini yake mifano, kisha watoto huyahamishia kwenye madaftari. Walio mbele humaliza mapema na kuanza kupiga soga. Walio nyuma hunyoosha shingo, huulizana lile ni neno gani, na kengele huwakuta katikati ya ukurasa. Madaftari yamejaa, lakini hakuna mtoto aliyetunga hata sentensi moja ya kwake.

Madarasa hayakufurika kwa bahati mbaya. Uganda ilifuta ada za shule za msingi mwaka 1997, Tanzania ikafuata 2001 na Kenya 2003, na watoto wakamiminika kwa kasi ambayo majengo, walimu na vitabu havikuweza kuifikia. Hata hivyo, shida yenyewe ni ya zamani. Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu Bengal, alichapisha mwaka 1960 kitabu kizima kuhusu kufundisha lugha katika mazingira magumu. Kwake, ugumu ulianzia kwenye darasa la wanafunzi zaidi ya 30. Walimu wengi wa leo wangeshukuru kupewa darasa kama hilo.

Chombo kinachofaa zaidi katika hali hii hakigharimu kitu: ni jedwali la kubadilisha maneno. Walimu wa lugha wamelitumia kwa zaidi ya karne moja; mwaka 1916 Harold Palmer alitoa kitabu chenye majedwali 100 ya namna hiyo kwa wanaojifunza Kiingereza. Kwa upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili, jedwali linafaa kana kwamba lilibuniwa kwa ajili yake.

Mwalimu hugawa ubao katika safu nne. Ya kwanza ina kikombe, kiti, kisu na kijiko. Ya pili ina hiki na kile. Ya tatu ina kipya, kidogo na cheusi. Ya nne ina kimevunjika, kimeanguka na kimenunuliwa. Ni maneno 12 tu, yanaandikwa kwa dakika mbili au tatu kabla kipindi hakijaanza. Mtoto akichukua neno moja kutoka kila safu anapata sentensi: kiti kile kidogo kimeanguka, kisu hiki cheusi kimenunuliwa. Ukizidisha nne kwa mbili, kwa tatu, kwa tatu tena, unapata sentensi 72, na kila moja ni sahihi. Hakuna kitabu cha kiada kinachoweza kutoa mifano mingi hivyo katika ukurasa mmoja.

Sharti ni mwalimu alikague jedwali kabla ya kuliandika. Ukiongeza "kimepotea" katika safu ya nne, jedwali linaharibika, maana kikombe kilichopotea hakiwezi kuitwa "kikombe hiki". Kisarufi sentensi imekaa sawa, ila watoto watacheka, na watakuwa na haki. Herufi nazo zinahitaji jaribio: mwalimu aandike neno moja, aende mpaka dawati la mwisho, alisome mwenyewe akiwa pale. Kama ana chaki za rangi, viambishi aviandike kwa njano. Nyekundu hufifia kwenye ubao mweusi kwa mtu aliye mbali.

Sehemu yenye kazi kubwa huanza pale dasta inaposhikwa. Mwalimu anafuta safu ya kwanza peke yake na kuandika vikombe, viti, visu, vijiko. Safu nyingine zinabaki kama zilivyo. Sasa ubao "unakosea", na darasa ndilo linalousahihisha: hiki kinakuwa hivi, kipya kinakuwa vipya, kimevunjika kinakuwa vimevunjika. Penye "cheusi" sauti hugawanyika. Wapo watakaosema "vieusi", na hapo mwalimu amepata nafasi ya kuonyesha kuwa ki na vi hugeuka ch na vy mbele ya irabu hiyo, kwa neno ambalo wametoka kulitamka wenyewe. Baadaye anafuta viambishi vyote, anaacha mapengo, kisha anaingiza mkeka. Darasa linapaswa kujaza: mkeka ule mpya umenunuliwa.

Hatari kubwa ya darasa kubwa ni kwaya. Watoto 90 wakiitikia kwa pamoja, thelathini wanaojua wanatosha kuwabeba sitini wasiojua, na mwalimu anatoka akiamini somo limeeleweka. Dalili yake husikika: neno la kwanza hutoka kwa nguvu, la mwisho hutoka kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu wengi wanasubiri kumsikia jirani. Dawa ni kupunguza idadi ya wanaojibu bila kupunguza wanaofanya kazi. Mwalimu auite mstari mmoja wa madawati, na wengine wanyooshe kidole kimoja kama jibu ni sahihi, viwili kama si sahihi. Wanaokaa watatu kwenye dawati wanaweza kupokezana: mmoja anatunga, wa pili anageuza katika wingi, wa tatu anaamua. Kelele zitakuwepo, na mwalimu mkuu akipita dirishani huenda asipendezwe, lakini ni kelele za sentensi.

Jedwali pia lina mipaka yake. Linafundisha umbo, halimwonyeshi mtoto kwamba wakati mwingine maana huvunja umbo. Kwa hiyo, darasa likishazoea, mwalimu anaweka mtego: kiboko. Anayefuata jedwali kwa mazoea atasema "kiboko kile kimeanguka". Kama anazungumzia fimbo, amepatia. Kama ni mnyama wa mtoni, anapaswa kusema "kiboko yule ameanguka", kwa kuwa viumbe hai hufuata A-WA hata majina yao yakianza na ki. Kinyonga na kifaranga huenda njia hiyohiyo. Ila "rafiki yangu mpya amefika" aiweke kando kwa siku nyingine. Humo kimilikishi kinafuata ngeli moja na kitenzi kingine, na mtoto ambaye hajatulia na KI-VI atachanganyikiwa bure.

Baki la kipindi ni la kuandika, na hapa hesabu inapaswa kuwa kali. Watoto 90 wakiandika sentensi kumi kila mmoja, ni sentensi 900. Kwa sekunde kumi kila moja, mwalimu atasahihisha kwa saa mbili na nusu, kwa somo moja. Heri waandike tatu: moja ya KI, moja ya VI, na ya tatu kuhusu kinyonga. Kisha akusanye madaftari ya mstari mmoja tu, tuseme 15, na asome sentensi ya tatu peke yake. Hiyo ni kazi ya dakika chache, na kesho atachukua ya mstari mwingine, mpaka wote wafikiwe.

Katika hayo 15, ahesabu makosa kwa aina. Kama tisa wameandika "kinyonga kile kidogo", kipindi kijacho kianze na wanyama. Kama wanyama wamewapatia lakini wameandika "vieusi" au "vieupe", somo la kesho ni irabu, na safu ya tatu iwe na vyeusi, vyeupe na vyekundu.