Kwa Nini Kibandiko Kimoja cha Nikotini Humtosha Huyu na Kisimtoshe Yule

Mara kwa mara tunapokea malalamiko kwamba kibandiko cha nikotini kilichonunuliwa dukani ni bandia kwa sababu hakikuondoa hamu ya sigara. Bidhaa bandia zipo, na mtumiaji ana haki ya kutilia shaka. Hata hivyo, ipo sababu nyingine ambayo haimo ndani ya kifungashio, nayo ni ini la mtumiaji mwenyewe.

Nikotini inapoingia katika damu, ini huanza mara moja kuivunja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo, yapata robo tatu, hufanywa na kimeng'enya kimoja ambacho wataalamu hukiita CYP2A6. Kimeng'enya hicho huigeuza nikotini kuwa kotinini, kisha huivunja kotinini nayo. Maelekezo ya kukitengeneza hurithiwa kutoka kwa wazazi, na maelekezo hayo hayafanani. Wako waliorithi kimeng'enya chenye kasi, wako wenye kilicho dhaifu, na wachache hawanacho kabisa. Hali hii ya mwisho huonekana zaidi miongoni mwa watu wa Japani na Asia ya Mashariki.

Tuchukue mfano wa wavutaji wawili wanaozima sigara ya mwisho saa nne usiku, wakiwa na kiwango sawa cha nikotini katika damu. Kwa wa kwanza, kiwango hicho hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili, kama ilivyo kwa watu wengi. Kwa wa pili, ambaye kimeng'enya chake ni kizito, nusu hiyo huchukua saa nne. Ifikapo saa kumi na mbili asubuhi, wa kwanza amebakiwa na sehemu moja tu kati ya kumi na sita, ilhali wa pili angali na robo nzima. Wa kwanza huamka na hali ambayo mitaani huitwa arosto, akitafuta kiberiti kabla ya kunawa uso. Wa pili anaweza kunywa chai kwanza. Ndiyo maana, kwa wastani, wenye kimeng'enya kizito huvuta sigara chache zaidi kwa siku, na huacha kwa urahisi kiasi. Asidhani mtu kwamba hali hiyo ni kinga: lami na hewa ya sumu iliyomo katika moshi haisubiri kimeng'enya hiki.

Sasa tuje kwenye kibandiko. Chenye miligramu 21 hupitisha nikotini katika ngozi polepole kwa saa 24. Ni kama bomba linalotiririsha maji kidogo kidogo katika ndoo iliyotoboka: kina cha maji hutegemea ukubwa wa tundu. Ini lenye kasi ni tundu kubwa, hivyo kiwango katika damu hubaki chini na hamu huendelea. Mwenye ini zito, kwa kibandiko kile kile, hupata kiwango cha juu zaidi, na pengine kichefuchefu, kizunguzungu au moyo kwenda mbio.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowahusisha wavutaji 1,246 wa Marekani na Kanada, waliogawanywa kwa kasi ya kimeng'enya chao. Kwa wenye kasi ya kawaida, vidonge vya vareniklini vilisaidia kuacha sigara waziwazi kuliko kibandiko. Kwa wenye kasi ndogo, tofauti ilikuwa ndogo mno, na vidonge viliwaletea maudhi mengi zaidi. Kasi hiyo ilipimwa kwa kulinganisha kotinini na zao lake katika sampuli ya damu, kipimo kinachohitaji mtu awe bado anavuta. Kwa sasa ni kipimo cha watafiti zaidi kuliko cha duka la dawa.

Mtumiaji asiye na kipimo hicho aangalie dalili. Hamu kali na hasira zisizopungua baada ya siku chache huashiria dozi ndogo. Kichefuchefu na mapigo ya moyo ya haraka huashiria dozi kubwa. Katika hali zote mbili, amweleze mfamasia ni sigara ngapi alikuwa akivuta na ile ya kwanza aliivuta dakika ngapi baada ya kuamka, kwa kuwa idadi peke yake hupotosha. Asiongeze kibandiko cha pili kwa uamuzi wake. Mfamasia anaweza kushauri kuongeza ubani wa nikotini, au kushuka hadi miligramu 14.

Kasi hii pia hubadilika. Homoni ya estrojeni huiongeza, hivyo wanawake kwa wastani huivunja nikotini upesi kuliko wanaume, zaidi wanapotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni hiyo. Katika ujauzito huongezeka sana, kisha hushuka baada ya kujifungua. Mjamzito anayeona sigara haimkati hamu kama zamani amweleze daktari jambo hilo kabla ya kununua kibandiko chochote.