Fahamu: Jinsi TCU inavyotambua shahada ya udaktari ya nje

Mtanzania aliyesomea udaktari China huhitaji kwanza shahada yake itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Maombi hutumwa mtandaoni pamoja na cheti, nakala ya matokeo na vyeti vya sekondari; hati za Kichina huambatanishwa na tafsiri rasmi.

Vyeti vya sekondari ndivyo vinavyoumiza. Mbali na kukagua kama chuo kinatambuliwa nchini mwake, TCU hutazama mwombaji aliingiaje. Aliyepokelewa na ufaulu hafifu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia anaweza kukwama ingawa amehitimu vizuri, jambo zito kuligundua baada ya miaka ya ada. Aliyesoma sekondari nje huanzia NECTA, matokeo yake yalinganishwe.

Utambuzi si leseni: utarajali na usajili husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.