Akiba kavu kwa aliyetoka upasuaji

Mgonjwa anaporuhusiwa kutoka Mbagathi au Kenyatta na kurudi nyumbani Kawangware, kwa kawaida kinachotangulia jikoni ni supu ya mifupa. Supu ina faida: inampa maji na chumvi, na kumrudishia hamu ya kula. Lakini kidonda hakifungwi na mchuzi. Protini inayotoka mifupani ni jelatini, nayo haina triptofani, kijenzi ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Miongozo ya lishe ya Ulaya inapendekeza gramu 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kila siku baada ya upasuaji, yaani gramu 90 kwa mtu wa kilo 60. Asipozipata, mwili huchukua protini kutoka kwenye misuli yake, naye hudhoofika huku akishiba supu.

Wengi watasema kwamba anayemuuguza huenda kazini, na chakula laini huchukua muda. Ni kweli, ila jibu si kupika sufuria kubwa asubuhi. Pasipo friji, chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili. Kinaweza kuharibika kabla hakijanuka. Kinachofaa kuandaliwa mapema ni unga mkavu. Toa vichwa na matumbo ya omena, maana ndiyo yenye uchungu na mchanga, zisuuze kwa maji moto, zianike, kisha zikaange bila mafuta mpaka zivunjike zikibanwa kwa vidole. Zitwange na uzichekeche vizuri ili miiba isimchome koo. Ndengu nazo zikaange kidogo, zisagwe. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupwe. Zilizobaki zikaange, zitwange. Kila unga uwe na mkebe wake mkavu wenye kifuniko. Ukishikana mabonge au ukinuka uvundo, umwage.

Kwa siku moja, nusu lita ya maziwa yaliyochemshwa, mayai mawili, gramu 30 za omena, gramu 100 za unga wa ndengu na gramu 30 za karanga hufikisha protini kama gramu 78. Uji na viazi vya kuponda huongeza kama 10. Karanga na maziwa huingia kwenye uji. Unga wa ndengu hukorogwa kwa maji baridi kwanza, kisha huchemka hadi uive kabisa, na omena huongezwa ukiwa bado motoni. Hata ile supu isitupwe, itumike badala ya maji. Mgonjwa hawezi kumaliza sahani kubwa, kwa hiyo agawiwe mara sita, kidogo kidogo, kila mara chakula kikiwa kimetoka jikoni.

Aliyepasuliwa utumbo asubiri ruhusa ya daktari kabla ya kula ndengu, na mwenye ugonjwa wa figo asipewe kiasi hiki bila ushauri. Akitapika kila anachokula, akipata homa, au mshono ukitoa usaha au kuachana, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo.