Dola asilimia 2.5 au shilingi asilimia 8? Piga hesabu hii kabla hujahamisha mtaji

Wiki iliyopita kuna dada anauza viatu vya watoto mtandaoni aliniandikia inboksi. Ana milioni tano na laki mbili na themanini, faida aliyojibana mwaka mzima, na anataka kuitunza mwaka mmoja halafu aagize mzigo mkubwa Guangzhou. Benki yake imempa machaguo mawili. Akaunti ya muda maalum ya shilingi, riba asilimia 8 kwa mwaka. Au akaunti ya muda maalum ya dola, riba asilimia 2.5. Shemeji yake kamwambia "weka dola, shilingi inashuka kila siku." Yeye akaniuliza, kaka, ni kweli?

Nilimjibu kwa kirefu, nikaona niweke hapa maana najua wengi mna swali hilohilo. Na mimi mwenyewe lilinitoa jasho, nitawaambia mbele.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Hizo riba mbili huwezi kuzilinganisha hivihivi kwa macho, kwa sababu moja inalipwa kwa shilingi na nyingine kwa dola. Ile ya dola ina vipande viwili ndani yake: riba yenyewe, na kupanda au kushuka kwa dola yenyewe. Kwa hiyo badala ya kuuliza "ipi ina riba kubwa", uliza hivi: dola ipande mpaka ngapi ndipo hizi akaunti mbili zitoke sawa? Ukiipata hiyo namba, kazi inayobaki ni kuamua kama unaamini dola itafika hapo au haifiki.

Watu wengi wakifanya hesabu hii wanatoa tu. 8 kutoa 2.5 ni 5.5, basi dola ikipanda zaidi ya asilimia 5.5 kwa mwaka, dola imeshinda. Kama mwanzo si mbaya, ila inaacha vitu vitatu ambavyo ndivyo vinakula hela: kodi, makato ya akaunti, na pengo kati ya bei ya benki ya kuuza na ya kununua dola.

Tuchukue hesabu ya huyu dada. Siku hiyo benki ilikuwa inauza dola kwa 2,640 na inanunua kwa 2,560. Milioni 5,280,000 kwa bei ya kuuza inampa dola 2,000 kamili.

Upande wa shilingi: asilimia 8 ya 5,280,000 ni 422,400. Riba ya benki hapa Tanzania inakatwa kodi ya zuio asilimia 10, benki inakata yenyewe kabla hujaiona. Kwa hiyo 42,240 inaondoka, zinabaki 380,160. Mwisho wa mwaka ana 5,660,160.

Upande wa dola: asilimia 2.5 ya 2,000 ni dola 50. Kodi dola 5, zinabaki 45. Lakini ili uwe na hiyo akaunti ya muda maalum, kwenye benki yake lazima uwe na akaunti ya kawaida ya dola pembeni, na hiyo inakatwa dola 2 kila mwezi. Kwa mwaka ni dola 24. Kwa hiyo kati ya dola 50 alizoahidiwa, anabaki na 21. Mwisho wa mwaka ana dola 2,021.

Hapo naomba usimame kidogo. Makato ya kila mwezi hayajali una kiasi gani. Angeweka nusu tu, dola 1,000, riba ingekuwa 25, kodi 2.5, zinabaki 22.5, halafu makato 24. Yaani baada ya mwaka ana dola 998.5. Riba ipo kwenye bango, mfukoni haipo. Kama una dola 300 au 500 na unasema umeziweka zizae, chukua taarifa ya akaunti uangalie makato. Kuna benki hazikati kabisa na kuna zinazokata zaidi ya hiyo, kwa hiyo uliza mapema, na uulize pia wanakata kiasi gani ukitoa dola za noti dirishani.

Sasa namba yetu. Tunagawa shilingi za mwisho kwa dola za mwisho:

5,660,160 ÷ 2,021 = 2,801

Hiyo 2,801 ndiyo bei ya mtoano. Lakini bei ipi, ya kununua au ya kuuza? Hapa ndipo wengi tunapigwa, na ndipo jibu la mtu mmoja linapotofautiana na la mwingine hata kama wako benki moja.

Kama mwisho wa mwaka dada atataka kurudi kwenye shilingi, alipe kodi ya fremu au ada za watoto, basi benki itanunua dola zake. Kwake yeye 2,801 ni bei ya kununua. Leo bei ya kununua ni 2,560. Ili ifike 2,801 lazima dola ipande kama asilimia 9.4 ndani ya mwaka mmoja. Si 5.5 tena.

Kama mwisho wa mwaka atazituma zilezile dola kwa saplaya, hazigeuzi. Angekuwa ametunza shilingi, angelazimika kununua dola siku hiyo kwa bei ya kuuza. Kwake 2,801 inalinganishwa na 2,640 ya leo. Dola ikipanda asilimia 6.1 tu, akaunti ya dola imetoka sawa. Chini ya hapo shilingi imeshinda.

Mnaona? Akaunti zilezile, riba zilezile, mmoja anahitaji 9.4 na mwingine 6.1. Tofauti ni hela inaenda wapi mwisho wa siku. Na tukumbuke tangu Machi 2025 kupanga bei ya bidhaa za ndani kwa dola hairuhusiwi, kwa hiyo mauzo yako ni ya shilingi, fremu shilingi, bodaboda shilingi. Dola unaihitaji kwa mzigo tu.

Haya, je dola itapanda asilimia 6? Hapo hakuna mtu anayejua, anayekwambia anajua anauza kitu. Lakini unaweza kuangalia ilivyokuwa. Benki Kuu inaweka viwango vya kila siku kwenye tovuti yao, bure kabisa. Mwanzoni mwa 2020 dola ilikuwa karibu 2,300, na mwanzoni mwa 2023 ilikuwa karibu 2,330. Miaka mitatu, karibu hakuna kitu. Aliyekaa na shilingi zenye riba alimwacha mbali aliyekaa na dola. Halafu 2023 ikapanda mpaka karibu 2,500, kama asilimia 7. Mwaka 2024 ikaendelea, Oktoba ikapita 2,700, watu wakapagawa.

Na mimi nikiwemo. Oktoba hiyo nilinunua dola 1,100 kwa 2,740, jumla 3,014,000. Sikupiga hesabu yoyote, niliona tu mstari unapanda. Mwisho wa Desemba nikahitaji hela ya fremu, nikakuta dola imeporomoka, benki ikanunua zangu kwa 2,380. Nikapata 2,618,000. Laki tatu na tisini na sita zimeyeyuka ndani ya wiki kama kumi, na hapo nilikuwa nalala nikijua nipo salama. Riba ya dola ya miezi miwili na nusu, baada ya kodi na makato, ilikuwa hela ya vocha.

Baadaye ndio nikaelewa kosa langu. Dola hapa kwetu ina misimu. Nusu ya pili ya mwaka zinaingia nyingi, watalii wa Julai na kuendelea, korosho, mazao mengine ya kuuza nje, na dhahabu juu yake. Miezi ya mwanzo wa mwaka huwa zinaadimika. Hata 2025 ilienda hivyohivyo, Aprili na Mei ilikuwa inakaribia 2,700 na ilipofika Oktoba ilikuwa karibu 2,450. Kwa hiyo ukilinganisha Januari na Mei utaona shilingi inakufa, ukilinganisha Mei na Oktoba utaona shilingi ni simba. Zote mbili zinadanganya. Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka uliopita, Mei na Mei, Oktoba na Oktoba, na uende nyuma miaka mitano walau.

Majirani zetu Kenya waliliona hili kwa ukali zaidi. Mwanzoni mwa 2023 dola kwao ilikuwa kama 123, Januari 2024 ikafika karibu 160, na kufika Machi ikawa imerudi maeneo ya 130. Aliyenunua Januari kwa hofu alipoteza karibu moja ya tano ya hela yake ndani ya miezi miwili hivi.

Turudi kwa dada. Katika miaka niliyoitaja, asilimia 6 kwa mwaka imewahi kufikiwa, lakini si kila mwaka, na kuna vipindi imerudi nyuma. Kwa hiyo kwake dola si sehemu ya kupata faida, ni bima ya mzigo. Na bima hainunuliwi mwaka mzima kabla kama mzigo wenyewe hujaupangia tarehe. Nilimshauri aweke shilingi kwa miezi tisa hivi, halafu oda ikishathibitishwa na saplaya akampa bei, anunue dola. Kwa miezi mitatu tofauti ya riba mbili hizi baada ya kodi ni kama asilimia 1.2, ongeza makato ya dola 6, inafika kama 1.5. Yaani kwa bei ya leo dola ikipanda shilingi 40 tu imejilipia, na hatari ya kuporomoka anabaki nayo kwa muda mfupi. Na hata ikiporomoka, saplaya anataka dola zilezile, mzigo unakuja.

Kuna angalizo moja kuhusu hiyo asilimia 8. Ni ya muda maalum. Akiivunja kabla ya tarehe, riba yote au sehemu kubwa inaondoka, kwa hiyo achague muda unaoisha kabla ya oda, usiishe baada. Na kama hela ipo kwenye akaunti ya kawaida ya akiba inayolipa kama asilimia 3, hesabu inageuka. Baada ya kodi ana 5,422,560, ukigawa kwa 2,021 unapata 2,683. Hapo dola ikipanda shilingi 43 tu kwa mwaka mzima, dola imeshinda kwa mtu wa mzigo. Shemeji yake angekuwa sahihi, kama hela ya dada ingekuwa imelala tu.

Ukitaka kupiga yako, chukua namba hizi benki: riba zote mbili, makato ya mwezi, bei ya kuuza na ya kununua ya siku hiyo. Bei za gugo zisikudanganye, ile ni ya katikati, dirishani hupewi.