Jenereta ya 30 kVA na mota ya kilowati 15: hesabu ya kisima kimoja cha Bahi

Swali lililonifanya niandike makala hii aliliuliza mzee mmoja wa kamati ya maji, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, nilipokuwa huko kwenye mafunzo kwa vitendo. Kamati ilikuwa imekusanya michango ya kununulia jenereta ya dizeli kwa ajili ya kisima. Bei waliyoletewa mezani ilikuwa ya jenereta ya 30 kVA. Fundi niliyekuwa chini yake alisema hapana, inatakiwa 60. Mzee akamwangalia, akasema: "Fundi, kibao cha mota kimeandikwa 15. Hawa wanatuuzia 30, yaani mara mbili. Wewe unataka mara nne. Hizo nyingine za kazi gani?"

Swali ni halali kabisa, na hata sisi tunaosoma uhandisi wengi tungelijibu kwa kubabaisha. Tulijibu kwa kalamu na karatasi, na hesabu yenyewe ni hii.

Kisima kina pampu ya kuzamishwa, mota ya kilowati 15, volti 400, fezi tatu, na kibao chake kinasema ampea 32. Pawa fakta yake ni 0.83. Ukizidisha 1.732 kwa 400 kwa 32 unapata 22 kVA na kidogo. Kilowati halisi mota inazovuta ikiwa inasukuma maji ni kama 18, si 15, kwa sababu 15 ni nguvu inayotoka kwenye shafti na mota yenyewe inapoteza kiasi njiani. Mpaka hapo muuzaji yuko sawa: jenereta ya 30 kVA inaweza kubeba 22 kVA siku nzima bila kulalamika.

Shida iko kwenye ile sekunde ya kwanza. Mota ikiwa imesimama haina tofauti kubwa na waya uliofungwa mwisho. Hakuna mzunguko wa kuzuia mkondo. Mota hii ikiwashwa moja kwa moja inavuta mara tano na nusu ya mkondo wake wa kawaida, yaani ampea 176. Zidisha tena kwa 1.732 na 400: 122 kVA. Hizo ndizo kVA za kuwashia, na ndizo zinazochagua ukubwa wa jenereta. Namba hii hutaiona kwenye kibao mara zote, lakini iko kwenye kitabu cha mota, kwenye mstari wa mkondo wa rota iliyofungwa.

Basi tununue jenereta ya 122 kVA? Hapana. Jenereta inaruhusiwa kuzidiwa kwa sekunde moja mbili, mradi volti isishuke kupita kiasi. Kwa hiyo tunachotafuta hasa ni mshuko wa volti.

Ndani ya altaneta kuna kizuio chake chenyewe, ambacho kwenye karatasi za mtengenezaji kinaitwa riaktansi ya mpito na kuandikwa X'd. Kwa altaneta za ukubwa huu huwa karibu na asilimia 15 hadi 20. Tuchukue 17. Mkondo mkubwa ukipita, sehemu ya volti inabaki humo ndani badala ya kufika kwenye mota. Makadirio yake ni mafupi, S ikiwa kVA za kuwashia na G ukubwa wa jenereta:

```
mshuko = (S x X'd) / (G + S x X'd)
```

Kwetu S mara X'd ni 122 mara 0.17, yaani 20.7. Kwa jenereta ya 30 kVA: 20.7 gawanya kwa 50.7, mshuko ni asilimia 41. Kwa ile ya 60: 20.7 gawanya kwa 80.7, mshuko ni asilimia 26. Kwa ya 80 ni asilimia 21.

Asilimia 41 maana yake volti 400 inabaki kama 236. Hapo mambo mawili yanatokea. Kwanza, nguvu ya mota ya kujizungusha hupungua kwa mraba wa volti. Volti ikibaki asilimia 59, nguvu hiyo inabaki asilimia 35 tu. Mota za kuzamishwa zinahitaji angalau asilimia 65 ya volti yake wakati wa kuwashwa ili ziwe na uhakika wa kuanza. Pili, kontakta kwenye paneli. Koili yake inaendeshwa na volti ileile ya jenereta. Viwango vinaitaka ivute ikipata asilimia 85, na ikishashika haitakiwi kuachia mpaka volti ishuke chini ya asilimia 75. Chini ya hapo kila kontakta ina tabia yake. Ikiachia, mzigo unakatika, volti inapanda, kontakta inavuta tena, volti inaanguka tena. Utaisikia inagonga ta-ta-ta-ta kama mvua ya mawe juu ya bati, na ncha zake zinaungua ndani ya dakika chache.

Kuna jambo hapa linalowapoteza hata mafundi wazoefu: injini haitakuambia kwamba kuna tatizo. Mota inapoanza, pawa fakta yake ni ndogo sana, kama 0.4. Kwenye jenereta ya 30, volti ikishaanguka hadi asilimia 59, mota inavuta kama 42 kVA, lakini kilowati ni 17 tu. Injini ya jenereta hiyo ina kama kilowati 24. Kwa hiyo inaunguruma kidogo, moshi kidogo, halafu inatulia kana kwamba kila kitu kiko sawa, huku mota chini ya kisima imesimama inachemka. Mtu anayesikiliza injini tu atasema pampu ndiyo mbovu. Watu wameng'oa mabomba mita 150 kutafuta ubovu ambao uko juu kwenye jenereta.

Dalili ya kweli iko kwenye mita. Weka kampimita kwenye waya mmoja wa fezi na mita ya volti kati ya fezi mbili, iliyowekwa kushika kiwango cha chini kabisa, kisha washa. Pampu ya kuzamishwa ikiwa na afya hufikia mwendo wake ndani ya sekunde moja, mkondo unapanda na kushuka mara moja. Ukiona mkondo umeganda juu kwa sekunde tatu, nne, zima wewe mwenyewe. Usingoje kinga ya mzigo ikufanyie.

Mzee akauliza la pili, na hili lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Kijiji cha jirani kina umeme wa TANESCO, transfoma imeandikwa 50 kVA, na inawasha mota kama hii bila taa kuzimika. Kwa nini transfoma ya 50 iweze na jenereta ya 50 isiweze? Jibu liko kwenye ile X. Kizuio cha ndani cha transfoma ndogo kama ile ni karibu asilimia 4, si 17. Weka 0.04 kwenye hesabu ileile: mshuko unakuwa asilimia 9 hivi, ukiongeza kiasi cha laini yenyewe. Kwa hiyo kVA za transfoma na kVA za jenereta si sawa mbele ya mota inayoanza, ingawa zimeandikwa kwa herufi zilezile.

Sasa turudi kwenye 60 na tuone kama inatosha kweli, maana bado kuna waya. Kutoka paneli hadi mota ni mita 150 za waya wa shaba wa milimita za mraba 10. Volti kwenye jenereta ikishuka hadi 297, mkondo ni kama ampea 131, na waya huo unakula takriban volti 27. Mota inapata 270, yaani asilimia 67. Tumepita mstari wa 65 kwa kunyemelea. Ndiyo maana fundi hakukubali 50 ingawa wauzaji walikuwa tayari kupunguza bei: pale mshuko ni asilimia 29, na ukitoa waya unabaki chini ya 65.

Na kuna Dodoma yenyewe. Tuko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar kwa kama asilimia 10, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiwango kama hicho. Watu wengi huanzia hapa, wakafikiri ndiyo sababu ya kuongeza ukubwa. Kwa kisima hiki si sababu. Injini ya jenereta ya 60 ina kilowati 48. Toa asilimia 10 zinabaki 43, na mota ikianza inataka kama 27. Mwinuko unaipunguzia nguvu injini, ila karibu hauigusi X'd ya altaneta. Ukiongeza asilimia 10 kwenye ile 30 ukasema umeshafidia mwinuko, umetibu kidole wakati jino ndilo linauma.

Kwa nini basi tusiende 100 kVA tukalala usingizi? Kwa sababu pampu ikishaanza inataka kilowati 18 tu, saa zote. Kwenye injini ya kilowati 80 hiyo ni chini ya robo. Dizeli inayoendeshwa chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati moto wa kutosha. Mafuta yasiyoungua yanajikusanya kwenye bomba la moshi kama lami nyeusi, na ulaji wa dizeli kwa kila ndoo ya maji unapanda. Kwenye 48, mzigo ni asilimia 38. Hapo panavumilika.

Mjumbe mmoja mama, ndiye mweka hazina, hakuridhika. Akataka njia ya kubaki na 30, kwa sababu hela ndiyo hiyo. Njia zipo. Sta-delta inashusha kVA za kuwashia hadi theluthi, 41, na mshuko kwenye jenereta ya 30 unakuwa asilimia 19 tu. Lakini inataka nyaya sita kushuka kisimani, na mota ya kuzamishwa ni nyepesi mno: ule muda mfupi wa kubadili kutoka sta kwenda delta inakaribia kusimama, kisha inavuta mkondo mkubwa upya. Unakuwa umehamisha tatizo. Sofu-stata ni bora zaidi. Ukiipanga isizidi mara tatu ya mkondo wa kawaida, kVA zinakuwa 67, na jenereta ya 40 inashuka asilimia 22. Kikwazo ni kwamba sofu-stata ikiungua, hakuna duka la kuipata Bahi, wakati kontakta ya kawaida fundi yeyote wa Dodoma mjini anayo kwenye boksi lake. Mama aliandika bei zote mbili, 60 na kontakta, 40 na sofu-stata, akauliza swali moja: ikiharibika, tunakaa siku ngapi bila maji?

Wakanunua 60, baada ya mavuno, kwa mchango wa pili. Sharti ambalo fundi aliandika kwenye oda ni mawili: X'd isizidi 0.17 kwenye karatasi ya altaneta, na altaneta iwe na chanzo cha pembeni cha kulisha kirekebisha volti chake, ili volti kuu ikianguka kirekebishaji kisife nacho. Siku ya majaribio mita ilishika volti 291 juu na mkondo ukashuka kabla sijamaliza kutamka "moja". Zile volti sita zilizopungua kwenye hesabu yetu tulizijadili njia nzima ya kurudi Dodoma; fundi anasema ni kirekebishaji kuchelewa kidogo, mimi nadhani altaneta ina X'd ya 0.18.