Wiki ya Kwanza Leipzig: Jinsi Hadithi ya Kijerumani Chepesi Inavyojengwa

Hadithi fupi ya Kijerumani chepesi huandikwa kwa ajili ya msomaji ambaye bado ana maneno machache na sarufi ya mwanzo tu. Kwa mwanafunzi anayezungumza Kiswahili, kisa kinachomfaa kuliko vingi ni cha mwenzake aliyefika mji mgeni kusoma, kwa sababu wiki ya kwanza imejaa shughuli zinazodai lugha hiyo ya mwanzo hasa: kujitambulisha, kuuliza njia, kupanga miadi, kununua chakula, kusoma saa. Mfano utakaofuatwa hapa ni wa msichana wa kubuni, Neema kutoka Tanga, anayefika Leipzig mwanzoni mwa Oktoba, mwezi ambao muhula wa baridi wa vyuo vikuu vya Ujerumani huanza rasmi. Mji huo si wa kubahatisha. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1409, Kiswahili kinafundishwa hapo, na tangu mwaka 1956 kimekuwa na taasisi ya kuwafundisha wageni Kijerumani, iliyokuja kuitwa Herder, ambayo wanafunzi wengi kutoka Afrika walipitia.

Jambo la kwanza la kuamua ni kiwango. Mfumo wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2001 una ngazi sita, na A1 ndiyo ya chini kabisa. Orodha ya Taasisi ya Goethe kwa mtihani wa ngazi hiyo ina maneno takriban 650. Maneno hayo yanatosha kusimulia kisa kizima, ila mwandishi lazima awe bahili wa maneno yaliyo nje ya orodha. Marcella Hu na Paul Nation, katika utafiti wao wa mwaka 2000 kuhusu usomaji wa Kiingereza kama lugha ya kigeni, walionyesha kwamba ili msomaji aelewe hadithi vizuri bila msaada, anahitaji kujua kama asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Kipimo hicho kikitumika hapa, nafasi ya neno geni ni moja katika kila maneno hamsini. Hadithi ya maneno 500 inabaki na nafasi kumi tu.

Nafasi hizo kumi zisipotezwe kwa maneno ya mapambo kuhusu mawingu na majani ya vuli. Zinastahili kwenda kwa vitu ambavyo Neema hawezi kuvikwepa: Wohnheim, yaani bweni, Mensa, kantini ya chuo, Bürgeramt, ofisi ya kuandikisha wakazi, ambayo baadhi ya miji huiita Bürgerbüro, na Pfand, amana ya chupa. Neno geni likishaingia lirudi mara tatu au nne katika mazingira tofauti, maana mara moja haitoshi kulishika. Kuna neno moja ambalo maisha halisi yanalidai lakini hadithi haiwezi kulibeba: Wohnungsgeberbestätigung, lenye herufi 24, ambalo ni hati ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba mpangaji amehamia kwake. Bila hati hiyo Neema hataandikishwa. Katika ngazi ya A1 inatosha kuandika „das Papier vom Wohnheim“, karatasi ya bwenini, na msomaji anaendelea na safari yake.

Sarufi nayo ina mipaka. Hadithi iende kwa wakati uliopo. Kwa mambo yaliyopita, war na hatte pekee zinatosha. Vitenzi kama muss, kann na möchte vinaruhusiwa, kwa kuwa mgeni husema kila saa kwamba lazima afanye hili au angependa kupata lile. Lakini wepesi una hatari yake: sentensi zinakatwakatwa mpaka zinakuwa kama orodha ya bidhaa, Neema amechoka, Neema ana njaa, Neema anakula. Dawa yake ni viunganishi. Und, aber na denn vyote havibadilishi mpangilio wa sentensi inayovifuata, kwa hiyo mwandishi anaweza kuvitumia bila woga. Weil, chenye maana inayokaribiana na denn, hukipeleka kitenzi mwisho kabisa wa kishazi, na kwa sababu hiyo kinangoja A2.

Mpangilio wa sentensi ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anapojikwaa mapema. Katika Kiswahili, „Jumatatu Neema anafika“ ni sentensi safi: siku, kisha mtu, kisha tendo. Akifuata mpangilio huohuo kwa Kijerumani amekosea, kwa sababu katika sentensi ya kawaida ya kueleza jambo kitenzi hukaa nafasi ya pili, na siku ikitangulia, mtu husogea nyuma ya kitenzi. Hapa wiki inamsaidia mwandishi bila yeye kutoa jasho. Kila siku ya hadithi ianze kwa jina lake: „Am Montag kommt Neema in Leipzig an.“ „Am Dienstag bekommt sie einen Schlüssel.“ Hadi Jumapili msomaji ameona mpangilio huo mara saba, na hakuna mahali alipofundishwa kanuni. Sentensi ya Jumatatu ina somo la ziada: kitenzi ankommen, kufika, kimegawanyika, na kipande chake an kimetupwa mwisho. Vitenzi vya namna hii ni vingi katika wiki ya mgeni, kama kuamka, kupiga simu na kununua mahitaji, kwa hiyo vinajirudia vyenyewe.

Jumanne ni siku ya ufunguo, na inafaa kwa jambo jingine. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea upatanisho wa ngeli; akiulizwa ufunguo uko wapi hujibu „uko chumbani“, wala hashangai kwamba nomino huamua umbo la maneno mengine. Kinachomshangaza ni kwamba Mjerumani akiutaja ufunguo kwa kiwakilishi husema er, neno lilelile analolitumia kwa mwanamume, na begi hulitaja kwa sie, kama mwanamke. Upande mwingine, kiambishi a- cha Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke, hivyo wanafunzi wengi huchanganya er na sie hata wanapozungumzia watu. Ndiyo maana hadithi inahitaji wahusika wawili wanaoonekana mara kwa mara, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Jonas, jirani wa Neema bwenini, anaijaza nafasi hiyo. Yeye pia ndiye anayemwambia aache kumwita Sie, kwani wanafunzi huitana du. Kwa msichana aliyelelewa kwa shikamoo, kumwita Sie mtu asiyemjua ni adabu ya kawaida, na kosa lake halimvunjii mtu heshima.

Jumatano ndiyo siku yenye uzito. Sheria ya uandikishaji ya Ujerumani inampa mtu wiki mbili tangu ahamie kwenye makazi mapya ili ajiandikishe, na ofisi nyingi hupokea watu kwa miadi. Hapo hadithi inapata tukio lake:

„Am Mittwoch fährt Neema zum Bürgeramt. Sie hat einen Termin um halb neun. Sie denkt: Ich habe noch viel Zeit. Sie trinkt einen Tee und nimmt die Straßenbahn. Um Viertel nach neun ist sie da. Die Frau im Bürgeramt sieht auf die Uhr. ‚Ihr Termin war um halb neun‘, sagt sie. ‚Ja‘, sagt Neema, ‚halb neun. Ich bin früh.‘ ‚Nein. Halb neun ist acht Uhr dreißig.‘“

Kosa la Neema lina hatua mbili. Amesikia neun, tisa, akaigeuza kuwa saa tatu asubuhi, kama kila Mswahili anavyofanya na saa za kigeni. Kisha amesikia halb, nusu, akaiongeza: saa tatu na nusu. Lakini Mjerumani huihesabu nusu ya saa inayokuja. Halb neun ni nusu ya kuelekea tisa, yaani saa mbili na nusu asubuhi. Hatua ya kwanza ya Neema ilikuwa sahihi. Ya pili imemchelewesha karibu dakika 45. Kifungu hakimfafanulii msomaji lolote mapema. Kama naye amedhani halb neun ni saa tatu na nusu, anaona Neema amewahi, anatulia pamoja naye, na mshangao wa ofisini unakuwa wake pia. Mwandishi akitanguliza maelezo ya saa, ameliharibu tukio pamoja na somo.

Leipzig ina mtego mwingine unaohitaji uamuzi. Wenyeji wengi wa Saksonia husema „viertel neun“ wakimaanisha saa mbili na robo, na „drei viertel neun“ wakimaanisha saa tatu kasorobo. Ni usemi halisi wa mji huo, na mwandishi anayeupenda mji atatamani kuuingiza. Auache. Mtego mmoja wa saa ukishanasa, wa pili unavuruga ule wa kwanza, na „Viertel nach neun“ inaeleweka Ujerumani nzima.

Alhamisi na Ijumaa zinaweza kupita kwa sentensi chache: chakula cha mchana na Jonas kwenye Mensa, kisha miadi mpya ambayo Neema anafika dakika 20 kabla. Jumamosi inaleta ununuzi na chupa. Chupa ya plastiki ya kutumika mara moja na kopo la kinywaji hulipiwa amana ya senti 25, na mnunuzi hurudishiwa fedha hiyo anapozirudisha kwenye mashine dukani. Sehemu hiyo ni nzuri kwa nambari na kwa umbo la mtendwa: eine Flasche haibadiliki, lakini einen Bon, stakabadhi inayotoka kwenye mashine, inabadilika kwa kuwa nomino yake ni ya kiume. Jumapili maduka mengi hufungwa kwa sheria. Hadithi inayompeleka Neema dukani Jumapili mchana inafundisha sarufi sahihi na maisha ya uongo. Kosa la namna hiyohiyo ni kumfanya mtoto wa Tanga ashangae simu au lifti, au kuiweka theluji nzito katika wiki ya kwanza ya Oktoba.

Rasimu ikikamilika, ipimwe kwa wanafunzi wawili watatu wa A1 kabla ya kuchapishwa. Wasome bila kamusi, wakipigia mstari kila neno wasilolijua. Mistari ikizidi mmoja katika kila maneno hamsini, maneno yapunguzwe au yarudiwe zaidi. Kisha wasimulie kisa kwa Kiswahili, maana wakisimulia kwa Kijerumani hushikilia sentensi walizozikariri, na haijulikani kama wameelewa. Maswali ya „Neema anatoka wapi?“ hayapimi kitu, kwani jibu linanakiliwa kutoka mstari wa kwanza. Swali linalopima ni kwa nini Neema alidhani amewahi. Anayejibu kwamba alichelewa tramu hajakielewa kifungu, na mara nyingi tatizo liko kwenye sentensi inayotaja saa aliyofika: pengine imezikwa katikati ya nyingine, au haitaji ofisi ipasavyo.

Hadithi hiyohiyo inaweza kutumika tena ngazi ya A2 bila kubuni kisa kipya. Neema anaiandika upya kama barua kwa Jonas aliyekwenda likizo, na kila tendo linahamia wakati uliopita: „Am Montag bin ich in Leipzig angekommen.“ Kipande an, kilichokuwa kimetupwa mwisho, sasa kimerudi na kuungana na kitenzi chake. Weil nacho kinapata nafasi, hasa kwenye habari za Jumatano: „Ich bin zu spät gekommen, weil ich die Uhrzeit falsch verstanden habe.“