Aliyefutwa asirudi: daftari la wakopaji, mafaili ya mawakala na nakala za akiba

Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru kampuni ya Worldcoin ifute kabisa, ndani ya siku 7, taarifa za macho na nyuso ilizokusanya nchini humo, na kazi hiyo isimamiwe na Kamishna wa Ulinzi wa Data. Amri kama hiyo huandikwa kwa mistari michache. Kuitekeleza ni kazi nyingine, kwa sababu taarifa iliyomo ndani ya kompyuta haikai mahali pamoja. Hilo linamgusa pia mwenye duka la jumla pale Mpendae anayekopesha mchele na sukari na kuweka majina ya wakopaji wake kwenye kompyuta.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa maombi ya mhusika, Tume yaweza kuamuru taarifa zisizo sahihi zirekebishwe, zizuiwe, zifutwe au ziharibiwe. Kwa Zanzibar sheria hiyo inahusu mambo ya Muungano tu, hivyo mfanyabiashara wa Unguja inampasa amuulize mwanasheria ni sehemu gani ya shughuli zake inayoguswa. Nchini Kenya anayeombwa kufuta taarifa ana siku 14 za kujibu, na adhabu zimekwisha kutolewa. Mwezi Septemba 2023 kampuni moja ya kukopesha kwa simu ilitozwa shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia namba za watu ilizozipata kwa wengine na kuwatumia ujumbe wa vitisho.

Kosa linalowapata wengi linaanza na imani kwamba jina likishafutwa kwenye daftari, basi limekwisha. Mfano wa kubuni utalionyesha vizuri.

Duka moja la Mpendae lina wakopaji 400 kwenye daftari la kompyuta. Lina mawakala watatu, mmoja Darajani, mmoja Mwanakwerekwe na mmoja Chake Chake. Kila Ijumaa jioni mawakala hao hutuma mafaili yao, na karani huyaingiza yote ili daftari kuu lihuishwe. Kila usiku kompyuta hutengeneza nakala ya akiba. Nakala za kila siku huwekwa 7, za kila wiki 4 na za mwisho wa mwezi 3. Inapotengenezwa mpya, ya zamani kuliko zote huondolewa.

Jumatatu tarehe 3 Machi mteja wa Mwanakwerekwe anamaliza deni lake la shilingi 180,000. Anaomba jina lake, namba yake ya simu na picha ya kitambulisho chake viondolewe. Karani anafuta mstari wake mbele ya macho yake, na mteja anaondoka ameridhika.

Ijumaa tarehe 7 Machi wakala wa Mwanakwerekwe anatuma faili lake kama kawaida. Hakuna aliyemwambia lolote, na mteja bado yumo. Faili linaingizwa na mteja anarudi kwenye daftari kuu, kwa kuwa kwa macho ya kompyuta yeye ni mteja mpya. Usiku huo nakala ya akiba inamchukua, na nyingine zote zinazofuata vilevile.

Jumatano tarehe 19 Machi diski inaharibika. Nakala za karibuni zilikuwa kwenye diski hiyo hiyo. Inayosomeka ni ya tarehe 28 Februari, iliyowekwa kwenye flashi. Inarudishwa, na asubuhi yake kompyuta inawatumia wadaiwa wote ujumbe wa kukumbushwa. Mteja aliyelipa siku 17 zilizopita anadaiwa tena shilingi 180,000. Habari ya namna hii ikifika barazani, duka linakuwa limepoteza zaidi ya mteja mmoja.

Mteja huyu amerudi mara mbili, kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni kuhuisha, yaani faili kutoka nje lililombeba. Mlango wa pili ni nakala ya akiba iliyotengenezwa kabla ya ombi lake. Kufuta mstari kwenye daftari kuu hakufungi hata mmoja kati ya milango hiyo.

Dawa ni orodha ndogo ya pembeni ya waliofutwa. Haina jina, deni wala picha. Ina namba ya simu na tarehe ya ombi tu, inafungwa kwa neno la siri, na haitumiki kwa kazi nyingine. Mteja aelezwe wazi kwamba namba yake inabaki hapo ili asirudishwe kwa bahati mbaya. Kila faili la wakala linapofika, hulinganishwa kwanza na orodha hiyo, na mistari inayokutwa humo huondolewa kabla faili halijaingizwa.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu namba moja huandikwa kwa namna nyingi. Darajani wataandika ikianza na 0, Chake Chake wataandika ikianza na +255, na mwingine ataacha nafasi katikati. Kompyuta ikilinganisha maandishi hayo yalivyo, huona ni watu tofauti na kumpitisha aliyefutwa. Namba za simu za Tanzania zina tarakimu 9 baada ya 0 au 255. Kwa hiyo ziondolewe nafasi, zichukuliwe tarakimu 9 za mwisho, na orodha ya waliofutwa iandikwe kwa tarakimu hizo hizo. Katika Excel, kama namba ziko safu ya B na orodha iko kwenye karatasi iitwayo Waliofutwa, fomula ya kwanza huwekwa C2 na ya pili D2:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9)
=COUNTIF(Waliofutwa!A:A,C2)
```

Safu ya D ikionyesha 0, mstari uingizwe. Ikionyesha 1 au zaidi, mstari huo uondolewe, na wakala apigiwe simu siku hiyo hiyo ili naye afute kwake. Wakala asipofuta, mteja atakuja kila Ijumaa, na siku karani akisahau kulinganisha ataingia.

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Baadhi ya mawakala hawatumi faili zima, hutuma tu mistari mipya na iliyobadilika ili kupunguza kazi. Wakala wa namna hiyo akimfuta mteja kwake, makao makuu hayatajua. Mstari uliofutwa hautumwi, na kukosekana kwake katika faili dogo hakumaanishi kitu, kwa kuwa wateja wengine wengi pia hawamo. Huyo hubaki kwenye daftari kuu miaka na miaka. Njia ni wakala kuuacha mstari kwa muda ukiwa na alama ya kufutwa, autume, kisha ndipo auondoe. Zaidi ya hapo, mara moja kwa mwezi litumwe faili zima ili yalinganishwe yaliyoko huku na kule.

Kwa nakala za akiba, si kazi nyepesi kufungua kila moja na kufuta mtu mmoja ndani yake, na nakala inayochezewa mara kwa mara yaweza kuharibika na isifae siku ya shida. Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza imetambua ugumu huo. Inakubali kwamba taarifa yaweza kubaki kwenye akiba hadi nakala ifikie mwisho wake, mradi iwekwe mbali na matumizi na mhusika aelezwe ukweli. Ina maana kila nakala lazima iwe na mwisho unaojulikana. Duka la mfano huu huweka nakala 3 za mwisho wa mwezi, hivyo nakala ya Februari huondoka inapotengenezwa ya Mei. Jibu la kweli kwa mteja wa tarehe 3 Machi ni kwamba leo ameondolewa katika matumizi, na mwisho wa Mei hatakuwa kwenye nakala yoyote.

Ahadi hiyo ina sharti moja, kwamba asirudi katikati. Ijumaa ile alipopitishwa na faili la Mwanakwerekwe, aliingia kwenye nakala mpya. Akibaki hadi nakala ya mwisho wa Machi itengenezwe, mwisho wa Mei unageuka kuwa mwisho wa Juni. Kila anaporudi, hesabu inaanza upya. Na flashi iliyosahauliwa kwenye mtoto wa meza haina hesabu kabisa, kwa sababu hakuna anayeiondoa.

Linabaki swali la mahali pa kuweka orodha ya waliofutwa. Ikiwekwa ndani ya daftari kuu, nayo inaingia kwenye nakala za akiba. Siku ya kurudisha nakala ya Februari, orodha itakayorudi ni ya Februari, na ombi la Machi halimo. Kinga inakuwa imefutika pamoja na kilichokuwa kinakingwa. Kwa hiyo orodha ikae kwenye kifaa kingine, iwe na nakala yake peke yake, na siku zote itumike ile ya karibuni, hata kama daftari lililorudishwa ni la zamani. Siku hiyo utaratibu ni kurudisha nakala ujumbe wa simu ukiwa umezimwa, kupitisha orodha ya waliofutwa, kuingiza malipo yaliyofanyika tangu tarehe ya nakala, kukagua, na mwisho kabisa kuwasha ujumbe.

Kuna yasiyofutika kwa ombi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, hivyo risiti na ankara hubaki kwenye faili la kodi hata kama mteja ametoka kwenye orodha ya wakopaji. Mwenye deni ambalo halijalipwa naye hawezi kulikimbia kwa kuomba afutwe. Na aliyefutwa akirudi mwenyewe kutaka mkopo mpya, ajaze fomu mpya, na namba yake iondolewe kwenye orodha kwa tarehe ya fomu hiyo.

Kujua kama utaratibu unafanya kazi, aingizwe mteja wa majaribio kwenye faili la kila wakala, kwa namba isiyo ya mtu, na nakala ya akiba itengenezwe. Kisha afutwe kwenye daftari kuu na kuandikwa kwenye orodha, mawakala waachwe bila kuambiwa, na ingojwe Ijumaa. Baada ya hapo nakala ile ya awali irudishwe kwenye kompyuta nyingine na orodha ipitishwe. Mara zote mbili atafutwe, na hesabu iwe 0. Anayetaka kununua duka lenye wakopaji, au kulitia fedha zake, anaweza kuomba jaribio hilo lifanyike mbele yake kabla ya kuweka saini, kwa sababu atakayenunua daftari atanunua na ahadi walizopewa waliofutwa.